Namna tulivyopunguza ucheleweshaji na makosa katika manukuu mubashara ya mkutano

Nilipewa kazi ya kusimamia manukuu mubashara katika mkutano wa siku mbili wa viongozi wa vyama vya ushirika vya wakulima, uliofanyika katika ukumbi mmoja jijini Dodoma. Miongoni mwa wajumbe walikuwamo wanane wenye uziwi, na watano kati yao walipoteza usikivu wakiwa watu wazima, hivyo hawakuwahi kujifunza lugha ya alama, na mkalimani aliyesimama pembeni mwa jukwaa hakuwafaa. Walichohitaji ni kusoma kwenye skrini, kwa Kiswahili, yale yanayosemwa wakati yanaposemwa. Tulitumia programu ya kutambua usemi kupitia intaneti, na nilikuwa nimeijaribu ofisini kwa wiki nzima bila tatizo lolote.

Siku ya kwanza, mgeni rasmi alianza kuhutubia na skrini ikabaki tupu kwa dakika kumi na moja.

Kilichonichanganya ni kwamba nilipovaa vipokea sauti niliisikia hotuba, ingawa sauti yenyewe ilikuwa ya ajabu, kana kwamba haina kitovu na inatoka pande zote mbili za kichwa. Kipimo cha sauti kilicheza kushoto na kulia, lakini programu haikuandika kitu isipokuwa neno moja moja lisilo na maana. Nilianza kuulaumu mtandao, nikaiwasha upya kompyuta, na dakika zikaenda. Kosa lilikuwa kwenye waya. Miksa ya ukumbi hupitisha sauti ileile katika nyuzi mbili, uzi mmoja ukibeba mawimbi yake ya kawaida na wa pili ukibeba mawimbi hayohayo yaliyogeuzwa kichwa chini, ili kelele inayoingia njiani iweze kufutwa mwisho wa waya. Kadi yangu ya sauti, iliyokuwa na tundu dogo la stirio, haikulijua hilo. Iliuchukua uzi wa kwanza kuwa upande wa kushoto na wa pili kuwa upande wa kulia. Programu ya kutambua usemi hutaka mkondo mmoja tu, kwa hiyo iliuchanganya upande wa kushoto na wa kulia, na ukijumlisha wimbi na kinyume chake unabaki na kimya.

Dawa ya kudumu ni kutumia kadi yenye tundu linalopokea nyuzi zote mbili inavyotakiwa, au kisanduku cha kubadilisha sauti ambacho fundi mitambo mzoefu huwa nacho kwenye begi lake. Dawa ya haraka, ambayo ndiyo iliyoniokoa asubuhi ile, ni kuchukua upande wa kushoto peke yake na kuuacha wa kulia:

```
ffmpeg -f alsa -i hw:1 -af "pan=mono|c0=c0" -ar 16000 -f s16le -
```

Tangu siku hiyo, kabla ya kikao chochote, hurekodi nusu dakika ya sauti ikiwa tayari imechanganywa kuwa mkondo mmoja, kisha naisikiliza rekodi hiyo. Kusikiliza sauti inayoingia hakutoshi, kwa sababu masikio mawili husikia kile ambacho programu haikisikii.

Nikiwa bado kwenye sauti, naomba niseme neno kuhusu fundi mitambo, kwa kuwa yeye ana uwezo wa kupunguza makosa mengi kuliko mpangilio wowote wa programu. Mwombe njia ya pembeni kwenye miksa, yenye maiki za wasemaji tu, bila muziki na bila mwangwi wa kutengenezwa. Wapo wanaotaka njia hiyo isifuate upandishaji na ushushaji wa sauti anaoufanya fundi. Mimi nimeiacha desturi hiyo, kwa sababu fundi anaposhusha maiki ya mjumbe anayenong'ona na jirani yake nataka ishuke kwangu pia. Kwenye meza ya majadiliano yenye maiki tano, ni muhimu zile nne zisizotumika zishushwe, la sivyo sauti ya msemaji huingia mara tano kwa kupishana kidogo na maneno hukosa makali. Vilele vya sauti vibaki karibu na desibeli -12, visifike 0 kamwe. Usafishaji wa kelele uliomo kwenye kompyuta uzime, kwa kuwa mara nyingi hufuta pamoja na kelele zile konsonanti hafifu ambazo programu ilizihitaji.

Baada ya sauti kutengemaa nilipima ucheleweshaji. Msaidizi wangu alisimama kwenye mimbari wakati wa chai akahesabu kuanzia ishirini hadi thelathini, nami nikamrekodi kwa video ya simu iliyochukua sauti yake na skrini kwa pamoja. Video hiyo ukiirudia taratibu unaona sekunde ambayo neno «ishirini na tano» liliisha kutamkwa na sekunde ambayo lilitokea kwenye skrini. Tofauti ilikuwa sekunde tisa. Msemaji alikuwa ameshabadilisha picha kwenye projekta na wajumbe wangu bado walisoma maelezo ya picha iliyotangulia.

Mtandao haukuwa na hatia. Sauti ya mkondo mmoja ya sampuli 16,000 kwa sekunde, kila sampuli ikiwa na biti 16, ni baiti 32,000 kwa sekunde, yaani kilobiti 256, mzigo ambao hata intaneti ya simu huubeba. Nilitumia waya wa mtandao badala ya waifai ya ukumbi, kwa sababu waifai inayotumiwa na watu mia tatu hukatika, na kukatika ni kubaya kuliko uchache wa kasi. Jambo dogo nililorekebisha ni ukubwa wa vipande: programu yangu ilikuwa inatuma sauti kila baada ya sekunde moja, nami nikaishusha hadi milisekunde 100, ambacho ndicho kipimo ambacho Google hupendekeza kwa huduma yake ya aina hii.

Zile sekunde nyingine karibu zote zilikuwa za kusubiri. Programu hizi hutoa matokeo ya aina mbili, ya muda na ya mwisho. Ya muda hutoka haraka lakini hubadilika kila maneno mapya yanapoingia. Ya mwisho hutoka msemaji anapotulia. Nilikuwa nimechagua kuonyesha ya mwisho peke yake, nikidhani ni uangalifu, ilhali viongozi wetu wa ushirika wanapozungumza hawavuti pumzi kwa urahisi. Nilipogeukia matokeo ya muda, ucheleweshaji ulishuka chini ya sekunde mbili, lakini maneno yakawa yanabadilika mbele ya macho ya msomaji. Mjumbe mmoja aliniandikia kwenye karatasi kwamba ni kama kusoma mabango ukiwa ndani ya daladala inayokimbia.

Njia ya kati ni hii: neno lisionyeshwe mpaka makisio mawili yanayofuatana yakubaliane juu yake, na likishaonyeshwa lisiguswe tena. Chukua sentensi tuliyoipata kweli, «hatutaongeza makato ya pamba msimu huu». Kisio la kwanza lilikuwa «tutaongeza». La pili likawa «hatutaongeza makato», na kwa kuwa halikulingana na la kwanza, skrini ilinyamaza. La tatu likawa «hatutaongeza makato ya pamba». Hapo maneno mawili ya mwanzo yalikuwa yamekubaliwa mara mbili, yakatokea. Kusubiri huko kwa muda mfupi ndiko kulikomzuia mwenyekiti asionekane ametangaza kinyume cha alichosema. Kwa utaratibu huo nilipima tena nikapata sekunde tatu hivi, ambazo ni sawa na kikomo ambacho Ofcom, mamlaka ya utangazaji ya Uingereza, iliwahi kukipendekeza kwa manukuu ya vipindi vya moja kwa moja.

Kuna ucheleweshaji mwingine unaojificha. Huduma niliyoitumia hukata mawasiliano kila baada ya dakika tano, na wakati wa kuunganishwa upya sentensi nzima inaweza kupotea. Kuanzia dakika ya nne na nusu, programu yetu ilitafuta kimya chochote cha nusu sekunde, ikafungua muunganisho mpya na kuupelekea tena sauti ya sekunde mbili za mwisho, kisha ikafuta maneno yaliyojirudia.

Kuhusu makosa, kipimo cha kawaida ni kuhesabu maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, kisha kugawanya kwa idadi ya maneno yaliyosemwa. Usiku wa siku ya kwanza nilinukuu kwa mkono maneno 200 ya hotuba moja nikalinganisha, nikapata makosa 22, yaani asilimia 11. Nilipoyachambua, tisa hayakuwa na madhara yoyote. Mashine ikiandika «kwahiyo» mahali pa «kwa hiyo» huhesabiwa makosa mawili, neno moja limebadilishwa na jingine limeachwa, ingawa msomaji hatambui tofauti. Kinyume chake, «hatutaongeza» ikiandikwa «tutaongeza» ni kosa moja tu kwenye hesabu, na maana yote imepinduka. Katika Kiswahili ukanushi mara nyingi hukaa mwanzoni mwa neno, katika silabi ambayo msemaji huimeza au huitamka kabla maiki haijamfikia vizuri, kwa hiyo ndiko ninakotazama kwanza.

Makosa mengine yalihusu majina na istilahi. Neno AMCOS, jina la vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, linalotajwa katika kila sentensi ya tatu ya mikutano hiyo, lilikuwa likiandikwa «hamkosi». Niliandaa orodha ya maneno kama mia moja kutoka kwenye ratiba na picha za projekta, yakiwamo stakabadhi ghalani, pembejeo, Maswa, Liwale na majina ya wasemaji, nikaiingiza kwenye programu ili iyape uzito. Uzito wenyewe una kiasi chake. Nilipouzidisha, mtu akisema «tukose» skrini iliandika AMCOS. Niliuteremsha mpaka kosa hilo likaisha. Nilizima pia ugeuzaji wa maneno kuwa tarakimu kwa upande wa saa, kwa kuwa «tutarudi saa nane» ilikuwa inaandikwa 8:00, na mjumbe mwenye simu mkononi angeweza kusubiri mpaka usiku.

Siku ya pili mwenzangu mmoja alikaa mbele ya kibodi akiwa na ruhusa ya kusahihisha mambo matatu tu: ukanushi, tarakimu na majina. Hakuzuia maandishi yasitoke, kwa sababu kila sekunde anayoichukua ingekuwa ya wasomaji. Akiona kosa aliandika mstari mpya unaoanza na «Sahihi:» kisha neno lenyewe. Tahajia nyingine zote aliziacha zipite, jambo lililomuumiza kidogo kwa kuwa ni mwalimu wa Kiswahili.

Maswali kutoka ukumbini ndiyo yaliyonishinda. Mzee mmoja aliikataa maiki akisema sauti yake inatosha, na kweli ilitosha kwa kila mtu isipokuwa wale wanane, kwa kuwa kisichopita kwenye miksa hakifiki kwangu. Tulikubaliana na mwenyekiti kwamba kila swali alirudie kwa kifupi kwenye maiki yake kabla ya kulijibu, na urudiaji huo ndio ulioandikwa.