Mkataba wa chumba: maswali yenu baada ya ile video fupi

Video ilikuwa ya dakika 2 tu kwa hiyo mengi yalibaki nje, na mmeuliza sana. Wengi ni vijana mnaopanga mara ya kwanza hapa Kigoma, Mwanga, Gungu, Katubuka na kule Ujiji. Naanza na haya matano.

"Mwenye nyumba kanambia sisi tunaaminiana makaratasi ya nini, na hela ya miezi 6 nishampa. Nimeliwa?"

Hujaliwa. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu upangaji wa mwaka mmoja au chini yake ufanyike hata kwa mdomo, kwa hiyo wewe ni mpangaji halali. Tabu inakuja siku mkigombana, yeye atasema ulilipa miezi 5 na wewe 6, hapo nani anajua?

Na kitu kinachogombanisha watu kuliko hela yenyewe ni tarehe. Mimi chumba changu cha kwanza nililipa tarehe 10 mwezi wa tano, mpangaji wa zamani akawa bado hajatoa vitu vyake, nikaingia tarehe 27. Mwezi wa kumi na moja tarehe 10 mzee anagonga mlango anataka pango jipya. Mimi nahesabu kuanzia nilipokabidhiwa funguo, yeye anahesabu kuanzia aliposhika hela. Siku 17 hizo zilienda hivihivi maana hatukuandika popote.

Kwa hiyo mwombe kwa adabu tu, mwambie "mzee, naomba tuandike karatasi ya kumbukumbu tusije tukasahau", wengi wakisikia neno kumbukumbu hawashtuki kama wakisikia mkataba. Iwe na majina yenu kamili na namba za simu, chumba kipi kwenye nyumba ipi (kama nyumba ina vyumba 6 andika "cha pili kulia ukiingia uani"), hela kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kukabidhiwa funguo, na tarehe pango linapoisha. Ziwe nakala mbili, msaini zote mbili, kila mmoja abaki na yake. Halafu piga picha ya yako, karatasi huwa inapotea siku unayoihitaji.

"Tuko wapangaji wanne Luku moja. Nikinunua mimi mwanzo wa mwezi naona units zinakuja chache, nikinunua katikati ya mwezi ziko sawa. Naibiwa?"

Hauibiwi, hiyo ni kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 serikali inaikusanya kupitia Luku, na kwa nyumba ya kawaida sasa ni 1,500 kwa mwezi, inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Soma meseji ya Luku vizuri, makato yote yameandikwa mle. Sasa kama wewe ndo unapokea mshahara mwanzo wa mwezi basi kila mara wewe ndo unalilipia jengo, wenzio wanaonunua tarehe 12 hawaguswi.

Ila hii kodi ni ya mwenye nyumba, siyo ya mpangaji. Kwa miezi 6 ni 9,000, mwenye nyumba anatakiwa aipunguze kwenye pango au awarudishie, na njia nyepesi ni kuandika kwenye mkataba: "kodi ya jengo inayokatwa kwenye Luku itapunguzwa kwenye pango linalofuata, kwa kuonyesha meseji". Basi meseji hizo usizifute. Na ndo maana mimi kwenye mkataba napenda tuandike "pango" badala ya "kodi", neno kodi lina mambo mengi, mtu anaweza akakwambia "kodi zote juu ya mpangaji" ukasaini ukidhani ni hela ya chumba.

Kitu kingine, hilo deni linajikusanya. Nyumba ikikaa miezi 4 bila mtu kununua umeme, wewe mgeni ukinunua wa 10,000 inakatwa kwanza 6,000 ya miezi ambayo hata hukuwepo. Kwa hiyo kabla ya kulipa pango mwambie mwenye nyumba anunue umeme kidogo mbele yako, uone meseji inasemaje.

Kuhusu kuchangia wanne, andikeni mgao mapema. Mwenye friji na mwenye taa moja na redio hawawezi kutoa sawa, hapo ugomvi ni wa kila wiki. Kama mwenye nyumba atakubali kila chumba kiwekwe mita yake ndogo basi mmepona, soma namba mwisho wa mwezi kila mtu alipe alichotumia.

"Bati linavuja juu ya kitanda, mwenye nyumba anasema wewe ndo unakaa humo, tengeneza. Ni kazi ya nani?"

Ya kwake. Ukipanga sehemu tu ya nyumba na mkataba umekaa kimya, sheria inampa yeye paa, kuta kuu, mitaro mikuu na zile sehemu mnazotumia wote. Wewe unabaki na vya ndani ulivyoharibu mwenyewe, kitasa ulichovunja, kioo na kadhalika.

Lakini mvua zetu hizi hazisubiri ubishi, kwa hiyo weka sentensi ya hivi: mpangaji atatoa taarifa kwa meseji, zikipita siku 7 bila matengenezo atatengeneza mwenyewe na gharama itakatwa kwenye pango kwa risiti. Tuseme pango ni 60,000, bati na misumari 64,000, fundi 20,000, jumla 84,000. Ina maana mwezi mmoja umeshalipa na wa pili unadaiwa 36,000. Fundi naye akuandikie karatasi, asaini na aweke namba ya simu, maana hela ya fundi ndo wanayoikataa. Bila hiyo sentensi usikate hela kwa kujiamulia, utaonekana wewe ndo hujalipa.

"Mama mwenye nyumba anataka nitoke mwisho wa mwezi huu, mwanae anarudi toka Dar. Nimebakiza miezi 3."

Kama mkataba unasema notisi ni miezi kadhaa basi shika hapo. Kama hausemi, bado hela yako ya miezi 3 ni yako, kwa 60,000 ni 180,000, na uipate mkononi kabla hujatoa godoro nje, siyo "nitakutumia". Akigoma anzia kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha Baraza la Kata ambalo siku hizi linasuluhisha tu halihukumu, ikishindikana ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko mkataba wako wataukagua kama umelipiwa ushuru wa stempu, ni hela ndogo tu inalipwa TRA, bila huo karatasi inaweza ikakataliwa kama ushahidi.

"Aliyenionyesha chumba ni mdogo wake mwenye nyumba, mwenyewe yuko Mwanza. Nisaini na nani?"

Mpigie mwenyewe kwanza, na namba usiipokee kwa huyo mdogo mtu peke yake, ulizia kwa balozi au jirani wa siku nyingi. Akikubali, aandike hata meseji kwamba amemruhusu fulani kusaini kwa niaba yake, na pango ulitume kwenye namba yenye jina la mwenye nyumba. Jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri lifanane na lililo kwenye mkataba, lisipofanana ghairi kwanza.