Mshahara, hisa na pensheni kwa mwajiri mmoja: kwenu waajiriwa wapya

Wadogo zangu, kila dirisha la kubadili mgawanyo wa pensheni likifunguliwa, naona fomu zilezile: asilimia 100 kwenye hisa za mwajiri. Sababu nazo ni zilezile: "Kampuni hii naijua kutoka ndani." Nawapenda, lakini hapa mnanichosha. Aliye dawati la mauzo anajua mauzo ya wiki hii. Madeni yaliyofichwa kwenye kampuni tanzu hayajui, na hakuna atakayemwonyesha.

1. Hesabu mali kwa chanzo chake, si kwa jina la akaunti. Tuseme mali yako yote ni 100: hisa za mwajiri 55, nyumba 35, akiba benki 10. Ukiiangalia haraka utasema umetawanya. Sasa pitia kila mstari ukijiuliza kitabaki nini kampuni ikifunga milango. Hisa 55 zinaelekea sifuri. Nyumba ina mkopo unaolipwa na mshahara uleule uliokatika, na kama mji unaishi kwa kampuni hiyo, wenzako nao wanatafuta wanunuzi mwezi huohuo. Ulicho nacho kwa hakika ni 10. Mkulima wa zao moja afanye zoezi hilihili: shamba, ghala na mkopo wa pembejeo vyote vinategemea bei moja.

2. Someni habari ya Enron, kampuni kubwa ya nishati ya Marekani, hadi mwisho, maana wengi mnaisimulia nusu. Mwisho wa mwaka 2000, asilimia 60 hivi ya mali iliyokuwa kwenye mpango wa kustaafu wa wafanyakazi wake ilikuwa hisa za Enron yenyewe. Mchukue aliyekuwa na hisa 1,000. Wakati huo hisa moja iliuzwa karibu dola 83, kwa hiyo alikuwa na dola 83,000. Mwishoni mwa Oktoba 2001 mpango ulikuwa unahamia kwa msimamizi mpya, na kwa siku kadhaa hadi katikati ya Novemba hakuna aliyeweza kuuza. Watu wanakumbuka kufuli hilo, na hasira yao naielewa.

Lakini fuata namba. Kufuli lilipowekwa, hisa ilikuwa tayari chini ya dola 15. Lilipoondolewa ilikuwa karibu 10. Maana yake, katika 83,000 zile, 68,000 na zaidi zilipotea kabla ya kufuli. Kwa hisa zilizotokana na mchango wa mwajiri, mfanyakazi hakuwa na la kufanya, kwa sababu sheria za mpango zilimzuia kuziuza kabla ya kufika miaka 50. Hizo alizonunua kwa makato ya mshahara wake mwenyewe, mlango wa kuziuza ulikuwa wazi miezi yote hiyo. Hakuuza. Bei ilipokuwa 60 alikuwa anasubiri irudi 83, ilipokuwa 40 alikuwa anasubiri 60, na mwezi Septemba mwenyekiti Kenneth Lay alikuwa bado anawaambia wafanyakazi kwamba hisa ni rahisi kwa bei ile. Tarehe 28 Novemba ilifunga kwenye senti 61. Hisa 1,000 zikawa dola 610. Tarehe 2 Desemba kampuni ikaomba ulinzi wa mufilisi, na siku iliyofuata maelfu wakaachishwa kazi. Mshahara na mabaki ya akiba vilikwenda wiki moja. Hapo ndipo moyo wangu huuma kila ninapoona fomu zenu.

3. Wekeni kikomo cha hisa za mwajiri mapema, wakati bei inapanda na hakuna hofu. Wengi katika kazi hii ya kushauri kuhusu akiba hutumia asilimia 10 ya mali yote. Si kanuni takatifu, lakini ni namba inayoweza kusimamiwa. Hisa za motisha, zile mwajiri anazokupa juu ya mshahara, zikishakuwa zako rasmi, jiulize: ningepewa fedha taslimu leo, ningezinunua? Kama jibu ni hapana, uza. Panga tarehe za kuuza mapema, maana kabla ya matokeo ya robo mwaka wengi mtazuiwa kuuza, na kodi ya faida iingizeni kwenye hesabu kabla hamjaitumia fedha. Na ndiyo, ukiuza hisa zikapanda mara tatu utakosa faida hiyo. Hiyo ndiyo bei ya kinga, ilipeni.

4. Mwenye biashara yake mmoja aliniuliza juzi: "Mimi nitauzaje asilimia 90 ya duka?" Swali zuri, na jibu si kuuza. Anayemiliki kitu kisichogawanyika hutawanya kwa faida inayotoka: kila mwaka sehemu yake inakwenda mahali ambapo biashara ikifa haitaguswa, hata kama rafu zinadai bidhaa zaidi. Na nyumba wanayolala watoto asiiweke dhamana ya mkopo wa duka. Benki ikiomba sahihi yake kama mdhamini binafsi, asome kifungu hicho kabla ya kingine chochote, kwa sababu kinaunganisha tena vile alivyotumia miaka kuvitenganisha.