Mfuko mmoja wa chokaa unavyoishia katikati ya ukuta wa mawe

Kiangazi kikishika hapa Goma, kuanzia Juni mpaka Agosti, watu wanakumbuka kupaka chokaa kuta za klotiri zao, na sisi tunaanza tena kumwona kijana yuleyule. Amesimama mbele ya ukuta wa mawe ya volkano, ndoo imekauka, mkono wa pili wa chokaa haujafika hata robo, na patroni yuko mlangoni anauliza kwa sauti ya upole ule mfuko umekwenda wapi. Jina linabadilika kila mwaka, hesabu iliyomwangusha ni ileile. Basi, wadogo zetu, kaeni tuipige pamoja.

1. Lita inayohesabiwa ni ya chokaa iliyokwisha kukorogwa.

Ukisikia fundi anasema lita moja inafunika mita tano au sita za mraba, anasema juu ya maziwa ya chokaa yaliyo tayari ndani ya ndoo, na anasema juu ya mkono mmoja tu, kwenye krepi laini. Hasemi juu ya kilo, wala hasemi juu ya unga.

Hapo wengi wanadanganywa na macho. Mfuko wa kilo 20 wa chokaa ya unga, ile iliyokwisha kuzimwa, ukiumwaga unajaza karibu bidoni mbili za lita 20. Kijana anaweka lita 50 za maji, anajumlisha lita 40 za unga, anatangaza ana lita 90. Hana. Nusu kubwa ya ule unga ni hewa. Ukiingia majini hewa inatoka, na kilo 20 za chokaa zinachukua nafasi ya lita 9 tu. Kwa hiyo mfuko mmoja na bidoni mbili na nusu za maji vinakupa lita 59. Shika hiyo 59, tutaihitaji. Na soma kilo kwenye mfuko kabla ya kuhesabu, maana kuna mifuko ya kilo 25 pia.

2. Hesabu ya mfuko mmoja.

Hili ndilo kosa ambalo sisi wote tuliobeba burashi tumelilipia, wengine zaidi ya mara moja, na hakuna anayependa kulisema mbele ya vibarua. Tulitazame polepole.

Klotiri ina urefu wa mita 30 na kimo cha mita 2. Ni mita 60 za mraba. Unatoa mlango mkubwa, mita 3 kwa 2, zinabaki 54. Upande wa ndani umepigwa krepi laini. Upande wa barabara ni mawe matupu ya volkano, yenye matundu na mifereji ya viungo. Patroni anataka pande zote mbili, mikono mitatu.

Fundi anakaa juu ya bloki na kuandika: 54 na 54 ni 108. Mara mikono mitatu, 324. Kwa mita 6 kila lita, ni lita 54. Mfuko mmoja unatoa 59. Anatabasamu, zimebaki hata lita 5 za akiba! Hesabu ni safi kabisa kwenye karatasi, na ndiyo maana hakuna anayeishuku.

Kwa kawaida tunaanza ndani, kwa sababu krepi ni rahisi na patroni anafurahi mapema. Mkono wa kwanza krepi inakunywa, lita moja inafika mita 5, siyo 6. Zinakwenda lita 10.8. Mikono miwili inayofuata inafika mita 6 kweli, lita 9 kila mmoja. Jumla 28.8. Ndoo zina lita 30 bado, na hakuna aliyeona dalili yoyote mbaya.

Ndipo tunatoka nje. Kwenye mawe, lita moja mkono wa kwanza inafunika mita 2 tu. Mita 54 zinameza lita 27. Umemaliza mkono mmoja na umebakiwa na lita 3. Mkono wa pili kwenye mawe haya ni mita 2.5 kwa lita, kwa hiyo lita 3 zinakufikisha mita 7 na nusu za mraba, yaani hatua chache kutoka kona. Na hapo hatujahesabu kilichodondoka chini wala kilichobaki ndani ya burashi.

Aibu yenyewe si kuishiwa. Aibu ni tunachofanya baadaye. Badala ya kwenda kumwambia patroni, tunamwaga bidoni ya maji ndani ya zile lita 3. Sasa kuna lita 23 zenye kilo moja hivi ya chokaa, na tunazieneza kwenye ukuta wote tukijua. Siku ya pili jiwe jeusi linachungulia kila mahali. Tunaogopa, tunakopa unga mahali, na mkono wa tatu tunaupiga mzito kama uji ili ufunike mara moja. Unafunika kweli, kwa wiki mbili. Chokaa nene inakauka juu kabla ya chini, inasinyaa, inapasuka kama magamba ya samaki, na mvua za Septemba zinaiangusha kwenye msingi. Ukuta unarudi mweusi wenye madoa, na mafundi tunasema chokaa ilikuwa mbaya. Haikuwa mbaya.

Hesabu iliyopaswa kuandikwa ni hii. Ndani: 10.8, 9 na 9. Nje: 27, kisha 21.6 na 21.6, jumla 70.2. Pande zote mbili ni lita 99. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa kudondoka na mabaki, unafika lita 109. Gawa kwa 59, unapata 1.85. Ni mifuko miwili, na unaomba miwili tangu siku ya kwanza, hata kama patroni anakunja uso.

3. Mita 2 kwa lita zinatoka wapi?

Zinatoka kwenye ukuta wenyewe, si kwa mjomba wako fundi. Mawe yetu hayafanani. Kuna lava iliyokaza, iliyochongwa uso, na kuna ile nyepesi yenye matundu kama mkate. Fundi wa mtaa mwingine akikupa namba yake, amekupa namba ya ukuta wake.

Chukua kamba laini, iloweshe, ilaze kwenye ukuta ukiibonyeza iingie kila bonde na kupanda kila jiwe, kutoka alama moja hadi nyingine yenye umbali wa mita 1 iliyonyooka. Inyooshe, ipime. Ikitoka mita 1.3 kwa ulalo na mita 1.3 kwa kusimama, zidisha: 1.69. Maana yake kila mita ya mraba unayoiona ina karibu mita 1.7 za kupaka. Lakini tazama, krepi yetu ilikuwa mita 5 kwa lita na mawe mita 2, tofauti ya mara 2.5. Kamba imeeleza 1.7 tu. Kinachobaki ni yale matundu madogo ambayo kamba haiingii na chokaa inaingia, pamoja na viungo vya saruji vinavyokunywa kuliko jiwe. Kwa hiyo kamba inakuamsha, haikupi namba ya mwisho.

Namba ya mwisho inatoka kwenye kipande cha kujaribia. Chora mita 1 kwa 2 mahali pa kawaida, si pale palipo laini kuliko pengine (tunakujua). Fagia vumbi jeusi, mwagia maji kidogo kama utakavyofanya siku ya kazi. Lowesha burashi na uikung’ute kwanza, maana burashi kavu inaiba chokaa na kuharibu kipimo. Pima lita 2 za chokaa kwa chupa ya maji, paka, kisha rudisha kilichobaki kwenye chupa. Kama imekwenda lita 1 kwa mita 2, ndiyo hiyo mita 2 kwa lita. Kesho yake rudia palepale kwa mkono wa pili. Ikienda lita 0.8, ni mita 2.5. Siku moja ya kungoja, basi. Tumeona watu wakikataa kungoja siku moja kisha wakikaa siku nne bila chokaa.

4. Chokaa mbichi haionekani nyeupe.

Hapa ndipo hata mwenye hesabu nzuri anaipoteza. Ukipaka, ukuta unabaki wa kijivu, jiwe linaonekana chini yake kama hujafanya kitu. Kadogo anashtuka na kurudia palepale, au anaongeza unga kwenye ndoo. Wacha! Weupe unakuja maji yakiondoka, na unaendelea kukua chokaa ikivuta hewa na kugeuka polepole kuwa jiwe. Ukirudia mkono kwenye unyevu umetumia mikono miwili na umepata mmoja. Hukumu ukuta kesho yake. Ukikauka, pitisha kiganja: kikitoka na vumbi jepesi si neno, kikitoka cheupe kama umeshika unga wa muhogo, ulipaka nene mno, au ukuta ulikuwa mkavu, au jua lilikausha kabla chokaa haijashika.

5. Mengine, haraka.

Koroga kila unapochota, kwa sababu chokaa inalala chini: ndoo ya kwanza itakuwa maji na ya mwisho uji, na mita zako kwa lita hazina maana tena. Chuja kwa kipande cha chandarua. Ngoja siku nzima kati ya mkono na mkono. Anza upande wenye kivuli. Kwenye matundu, sukuma burashi kwa kuzungusha na ufute kilichotuama, maana dimbwi dogo la chokaa ndani ya tundu ndilo linapasuka kwanza. Ukuta uliowahi kupakwa rangi ya mafuta usiuhesabu hata kidogo, chokaa haitashika. Vaa miwani, chokaa ikirukia jichoni osha kwa maji mengi bila kungoja, kisha nenda kituo cha afya. Na ukianza kazi ya pande mbili kama hii, anza na mawe, ili kama umekosea hesabu ujue siku ya kwanza, wakati mfuko wa pili bado unaweza kuombwa bila kona ya mdomo kutetemeka.