Kabla hujatuma "Idi Mubarak", uliza mwezi

Jumapili ya tarehe 30 Machi 2025 niliamka nikakuta picha za sala ya Idi kutoka Makka zimejaa kwenye simu. Bila kufikiri nikamwandikia "Idi Mubarak" jirani yetu wa zamani kule Tanga, mama aliyenilea nusu ya utoto wangu. Akanijibu: "Ahsante mwanangu. Sisi bado tumefunga, mwezi haujaandama."

Mimi ni Mkristo, na nilikuwa nimesahau jambo ninalolijua tangu utotoni. Hapa kwetu wengi husubiri mwezi uonekane na Mufti atangaze usiku. Mwaka ule walisali Jumatatu. Wengine hufuata mwezi ulioandama popote duniani, nao walisali Jumapili hiyohiyo. Mtaa mmoja unaweza kuwa na Idi mbili. Kwa hiyo siku hizi namuuliza mtu jioni ya kuamkia: "Kwenu mwezi umeandama?" Swali hilo peke yake huwafurahisha, maana linaonyesha kwamba unaijua funga yao.

Jingine ni maneno yenyewe. Miaka mingi nilituma ujumbe mmoja kwa watu wote: "Nawatakia sikukuu njema." Niliogopa kukosea. Lakini ujumbe usioitaja sikukuu ya mtu humfikia kama tangazo la kampuni ya simu. Itaje Idi kwa jina lake. Wala huna haja ya kuazima dua usiyoielewa au kusambaza picha yenye aya ya Kiarabu usiyoweza kuisoma; omba kwa kinywa chako. Jumatatu ile nilimwandikia upya:

"Shikamoo mama. Idi njema kwako na kwa nyumba nzima. Mungu apokee funga yako. Leo nimezikumbuka tambi zako za nazi, na vile ulivyokuwa ukituwekea sahani yetu kabla hatujabisha hodi."

Alinipigia simu. Tambi ndizo zilizomgusa, kwa sababu hakuna mtu mwingine angeweza kuandika sentensi hiyo.

Ndugu zangu Waislamu, nanyi nina neno moja kwenu. Mwaka 2024 Ijumaa Kuu iliangukia ndani ya Ramadhani, tarehe 29 Machi, na rafiki yangu mpenzi akanitumia "Heri ya Ijumaa Kuu!" yenye maua na fataki. Alikuwa na nia safi kabisa, ila siku ile sisi tunakumbuka kifo cha Yesu, na wengi wetu tunafunga. Shangwe ni ya Jumapili, Pasaka yenyewe. Ukitaka kumkumbuka Mkristo siku ya Ijumaa, mwandikie tu: "Nakukumbuka leo, uwe na ibada njema." Na kabla ya Krismasi mchunguze kidogo, kwani Mashahidi wa Yehova, kwa mfano, hawaisherehekei.

Nilimweleza rafiki yangu hayo tukiwa kwenye futari yake. Jumapili, saa moja asubuhi, akaandika: "Leo sasa ndiyo heri ya Pasaka, au bado nimekosea?"