Darasa la pili: amegawa vizuri, kwa nini anaandika 12 au 3?

*"Walimu wenzangu, nafundisha darasa la pili hapa Tanga. Nikiwapa vizibo 12 wagawie watu 3, mikononi wanapata vizuri tu. Nikisema wachore kwenye daftari, huyu anaandika jibu 12, yule 3, na wengine michoro yenyewe haieleweki. Nakosea wapi?"*

Mwalimu, hapo kuna shida mbili tofauti. Wanaoandika 12 au 3 kugawa wanajua, ila hawajui namba ipi ndiyo inayoulizwa. Wale wa michoro isiyoeleweka wamerushwa hatua moja ya katikati.

Tuanze na namba. Mtoto akimaliza kugawa, mbele yake kuna namba tatu, na zote ni za kweli: 12 za kwanza, watu 3, na 4 za kila mmoja. Mwaka mzima wa kujumlisha amezoea kwamba kazi ikiisha anahesabu vyote vilivyo mezani, ndiyo maana wengi wanatoa 12. Wa 3 amehesabu mafungu. Kumwambia "umekosa, rudia" hakumsaidii, kwa sababu atagawa upya vilevile na kuhesabu vilevile. Mwambie afunike mafungu mawili kwa viganja, abakize moja wazi, kisha umuulize: "Huyu mmoja kapata mangapi?" Fanya hivyo kwa kila swali siku za mwanzo, hata kwa anayepata.

Halafu kuna msaada ambao Kiswahili kinatupa bure na hatuutumii. Sema: "Mama ana machungwa 12 ya Muheza. Amewagawia watoto 3 sawasawa. Kila mtoto amepata machungwa mangapi?" Hiyo *mangapi* inamtaja anayehesabiwa: ni machungwa, si watoto. Akijibu 3, mrudishie kwa lugha yake: "Mimi nimeuliza mangapi, wewe umenijibu wangapi." Mtoto wa miaka saba aliyekulia kwenye Kiswahili anaisikia tofauti hiyo mara moja, na mara nyingi anajirekebisha kabla hujaendelea.

Lakini msaada huo unategemea umechagua kitu gani. Samaki, pamoja na kwamba tumezungukwa nao, waache wiki ya kwanza: "kila mtoto amepata samaki wangapi" inafanana na "watoto wangapi", na mtoto hana pa kushika. Ukitumia vizibo ndani ya vifuu vya nazi ni yaleyale, vizibo vingapi, vifuu vingapi. Kwa hiyo vitumie hivyohivyo mkononi, ila mdomoni kila kizibo kiitwe chungwa na kila kifuu kiitwe mtoto. Maandazi nayo yanafaa.

Namba nazo zichague kwa makusudi. 4 kwa 2, 9 kwa 3 na 16 kwa 4 zinapendwa sana, na ndizo mbaya kuliko zote kuanzia, maana jibu ni sawa na idadi ya watu. Mtoto anayehesabu mafungu utampa vema bila kujua kwamba hajaelewa. Anza na 6 kwa 2, 8 kwa 2, 10 kwa 2, kisha 12 kwa 3. Ikifika 12 kwa 3, fuatisha 12 kwa 4 palepale, aone machungwa ni yaleyale, watu wameongezeka na fungu limepungua.

Sasa mchoro. Wengi tunatoka kwenye vizibo tunaingia moja kwa moja kwenye daftari tupu. Weka hatua hii katikati: mtoto achore miduara mitatu mikubwa kwenye karatasi kwa kuzungushia kikombe. Huo ndio uwanja wa kugawia badala ya vifuu. Agawe vizibo kwa zamu kama anayegawa karata, kimoja huku, kimoja kule, kimoja pale, arudi wa kwanza, hadi viishe. Kisha anyanyue kizibo kimoja kimoja na pale kilipokaa aweke nukta. Mwisho vizibo vimeondoka na karatasi ina nukta 4, 4, 4. Hapo anaelewa kwamba nukta ni kizibo kilichokuwepo, si pambo. Mazoezi matatu au manne ya namna hii yanatosha kwa watoto wengi.

(Kwa kazi hii vizibo ni bora kuliko komwe. Komwe zinabiringika, na darasani zikidondoka nusu kipindi kinaishia chini ya madawati.)

Baada ya hapo ndipo anachora bila vizibo, na mpangilio wa kuchora una maana. Kwanza machungwa yote 12 kwa mstari juu ya ukurasa, duara dogo tupu kila moja, bila jani wala kikonyo. Chini yake miduara 3 ya watoto. Kisha anakata chungwa moja kwa kistari na papo hapo anaweka nukta moja kwa mtoto wa kwanza, anakata jingine, nukta kwa wa pili, anaendelea. Kukata na kuweka nukta viende pamoja. Anayekata yote kwanza halafu akaanza kuweka nukta hupoteza hesabu, utaona 5, 5, 4 au nukta 15 jumla. Ukikuta 6, 4, 2 hilo ni kosa lingine: alijaza mduara wa kwanza mpaka akaona "inatosha", akahamia wa pili. Huyo hajaacha kugawa kwa kukisia, mrudishe kwenye vizibo na zamu. Na ukikuta nukta zimepandana, angalia ukubwa wa miduara kabla hujamlaumu mtoto. Pengine zimekosa nafasi tu.

Kabla ya kuandika alama, aandike namba pale zinapoishi: 12 kando ya mstari wa machungwa, 3 chini ya miduara yote, 4 ndani ya mduara mmoja. Ndipo unaandika 12 ÷ 3 = 4, na mnasoma huku kidole kikigusa mchoro: kumi na mbili, gawanya kwa tatu, ni sawa na nne. Uhakiki ni kuhesabu nukta zote, 4 na 4 na 4, irudi 12. Hapo ile tabia yake ya kuhesabu vyote inapata kazi halali.

Maswali ya "machungwa 12, weka 3 kila mfuko, mifuko mingapi?" yaweke kando kwanza. Jibu lake pia ni 4, lakini mchoro ni mwingine kabisa: hapo idadi ya miduara ndiyo haijulikani, mtoto hawezi kuianza. Ukiyachanganya mapema utaona wanachora miduara 3 kwa kila swali lenye 3 ndani yake.

Na ukijaribu 13 kwa 3, usishangae mtoto akisema lile moja lililobaki "tunalikata". Kwa chungwa yuko sahihi, ndivyo wanavyofanya nyumbani. Ukitaka abakize moja, mpe kitu kisichokatika: gololi.