Stashahada au Shahada ya Umeme? Hesabu Nafasi, Usihesabu Matangazo

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka Januari, binti wa dada yangu alikuwa na alama nzuri za fizikia na hesabu, na tangu mdogo alikuwa anataka umeme. Baba yake alisema aende kidato cha tano, kisha chuo kikuu, awe mhandisi. Mama yake alisema aende chuo cha ufundi achukue stashahada ya miaka mitatu, aanze kazi mapema. Kila mmoja alikuwa na jirani wa kumtolea mfano. Dirisha la kubadilisha machaguo TAMISEMI lilikuwa bado, tukawa na kama miezi miwili. Nikamwambia binti, "Mama, hawa majirani tuwaache kwanza. Tuwasikilize waajiri wenyewe wanaandika nini."

Nilimnunulia daftari la kaunta, akapiga mistari. Kila tangazo la kazi ya umeme atakaloliona aandike tarehe, mwajiri, jina la kazi, idadi ya nafasi, elimu inayotakiwa na uzoefu unaotakiwa. Chanzo kikuu kilikuwa tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, www.ajira.go.tz, na pembeni magazeti na magrupu ya ajira. Maneno ya kutafutia yakawa haya, kwa sababu tangazo la wizara au halmashauri huja kwa Kiswahili, na la shirika la umma au kampuni mara nyingi huja kwa Kiingereza:

```
fundi sanifu umeme
mhandisi umeme
electrical technician
electrical engineer
```

Baada ya wiki sita akanipigia simu. "Mjomba, shahada imeshinda. Matangazo 14 kwa 9. Baba alikuwa sahihi."

Nilimwomba asimwambie baba yake kwanza. Jumamosi nikaenda, tukakaa barazani na lile daftari, tukaanza upya mstari kwa mstari.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutoa marudio. Tangazo moja linaweza kuzunguka kwenye magrupu matano, kila mtu akilibandikia kichwa chake cha habari. Dawa yake ni kuangalia namba ya kumbukumbu iliyo juu ya tangazo, Kumb. Na., na tarehe ya mwisho ya kutuma maombi. Vikifanana vyote viwili pamoja na mwajiri, hilo ni tangazo moja. Upande wa shahada marudio yalikuwa manne, upande wa stashahada moja. Tukabaki na 10 kwa 8.

Kisha nikamwonyesha safu ya nafasi, ambayo alikuwa ameijaza vizuri lakini hakuijumlisha. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Tangazo la mhandisi, yaani la shahada, linaweza kubeba nafasi moja tu, na la fundi sanifu, yaani la stashahada, likabeba nafasi ishirini, halafu kwenye hesabu ya matangazo yote mawili yakahesabiwa sawa. Na hili halitokei kwa bahati. Mtandao wa umeme wa wilaya nzima unaweza kusimamiwa na wahandisi wachache, lakini wanaokwenda kwenye transfoma, kusoma vipimo, kufunga mita na kutafuta hitilafu usiku wa mvua lazima wawe wengi. Yale matangazo 10 ya shahada yalikuwa na nafasi 16 kwa jumla. Yale 8 ya stashahada yalikuwa na nafasi 33.

Akanyamaza akiangalia namba. Nikamwambia bado.

Safu ya uzoefu ndiyo iliyoniuma zaidi, maana miaka yangu ya kutafuta kazi iliishia humo. Kwenye utumishi wa umma, kazi ya kuanzia ina maneno "daraja la II": Fundi Sanifu daraja la II, Mhandisi daraja la II. Ukiona daraja la I, mwandamizi au mkuu, hiyo si ya mtu anayetoka chuo leo. Kampuni binafsi hazitumii madaraja hayo, zinaandika miaka: mitatu, mitano. Kuna pia uzoefu uliofichwa ndani ya sharti jingine. Tangazo linaweza kudai mwombaji awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mtaalamu bila kutaja mwaka hata mmoja. Lakini usajili huo haupatikani siku ya mahafali. Mhitimu wa shahada husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya usimamizi kwa miaka isiyopungua mitatu kabla ya kufika huko. Kwa hiyo tangazo kama hilo liandike "uzoefu miaka 3" hata kama halikusema.

Tulipoondoa kila kinachotaka uzoefu, upande wa shahada yaliondoka matangazo sita yenye nafasi saba, yakabaki manne yenye nafasi tisa. Upande wa stashahada yaliondoka mawili yenye nafasi mbili, yakabaki sita yenye nafasi 31.

Thelathini na moja kwa tisa. Mama yake, aliyekuwa anachambua mchicha pale karibu, akapiga kigelegele kidogo. Lakini mimi sikuridhika, na hapa ningeomba na wewe usiridhike haraka. Kati ya zile 31, ishirini zilitoka kwenye tangazo moja. Ukiliondoa hilo, zinabaki 11 kwa 9, na hiyo haina uzito wa kumfanya mtoto achague njia ya maisha. Kila ukifanya hesabu hii, funika kwa kidole tangazo kubwa kuliko yote, uone kama jibu linabaki lilelile. Likibadilika, huna jibu bado. Unachojua ni kwamba mwajiri mmoja ameajiri mara moja.

Ajira za serikali zinakuja kwa mawimbi. Mwajiri anasubiri kibali, bajeti ya mwaka mpya inaanza Julai, na vibali vikishatoka matangazo yanamiminika, kisha kunakuwa kimya. Wiki sita zinaweza kuangukia kwenye wimbi au kwenye kimya. Ndiyo maana tulirudi nyuma tukafungua matangazo ya zamani ya mwaka mmoja na nusu, mengi yakiwa mafaili ya pdf yenye kada nyingi ndani ya faili moja. Tulitaka kujua kitu kimoja tu: je, matangazo yenye nafasi nyingi za mafundi sanifu umeme hurudi, au lile lilikuwa la bahati? Tulikuta mengine mawili ya aina hiyo, kutoka kwa waajiri tofauti. Upande wa wahandisi wa kuanzia hatukukuta hata moja lenye nafasi zaidi ya tano. Sasa nikawa tayari kusema kwamba kwa mtu anayeanza, kwenye fani hii, stashahada ilikuwa na milango mingi zaidi. Namba hizi ni za daftari letu tu. Ukifanya kwa maabara, ujenzi au uhasibu unaweza kupata kinyume chake.

Kuna kosa jingine alilokuwa amelifanya ambalo halikubadilisha jibu letu, ila lingeweza. Alikuwa anapanga matangazo kwa jina la kazi. Jina linadanganya. Kwenye uuguzi, kwa mfano, Afisa Muuguzi ni wa shahada na Afisa Muuguzi Msaidizi ni wa stashahada, na kwa haraka mtu huwaona ni wamoja. Soma aya ya sifa za mwombaji. Humo utakuta elimu kamili, na utakuta pia jina la kozi, ambalo ni muhimu vilevile. Tangazo likitaka stashahada ya uhandisi umeme, chukua orodha ya kozi za chuo unachokitaka uone kama jina linalingana. Nimeona vijana wenye kozi nzuri kabisa wakiachwa kwenye mchujo kwa sababu jina la kozi yao halikuwamo kwenye tangazo.

Milango mingi bado haikuambii foleni ya kila mlango ina urefu gani. Kwa hilo tulitumia orodha za kuitwa kwenye usaili, ambazo Sekretarieti huziweka hadharani kada kwa kada. Unachukua kada, unahesabu walioitwa, unagawa kwa nafasi zilizotangazwa. Kumbuka hao ni waliopita mchujo, walioomba ni wengi zaidi. Tulifanya hivyo kwa matangazo mawili tu, na foleni ya mafundi sanifu ilikuwa ndefu pia, hivyo mama yake akaacha vigelegele. Ilimsaidia binti kujua kwamba cheti chenyewe hakitamwita mtu kazini.

Jioni baba yake akaja na swali zuri kuliko yote: "Sawa, ataanza mapema. Lakini atakwama wapi?"

Ni kweli atakwama. Fundi sanifu hupanda madaraja ndani ya kada yake, lakini kuwa mhandisi kunahitaji shahada, na yale matangazo sita tuliyoyaondoa kwa sababu ya uzoefu ndiyo ya vyeo na mishahara ya juu. Ndiyo maana nilimkataza asiyafute. Aliyahamishia ukurasa mwingine alioupa jina "baada ya miaka kumi". Kurasa mbili hizo zinajibu maswali mawili tofauti: ya kwanza inaonyesha utaingilia wapi, ya pili unaweza kufika wapi.

Tukahesabu miaka. Kidato cha tano na cha sita ni miwili, shahada ya uhandisi minne: sita. Stashahada ni mitatu baada ya kidato cha nne, kisha akitaka shahada anaongeza minne: saba. Tofauti ni mwaka mmoja, na katikati ya njia hiyo ana cheti kinachomruhusu kuomba kazi. Aliyepitia kidato cha sita akakwama ada mwaka wa pili wa chuo hana cheti cha ufundi mkononi. Lakini njia ya stashahada ina geti lake: kuingia shahada kwa stashahada, TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, inataka GPA isiyopungua 3.0, na vyuo vyenye ushindani huchukua wa juu zaidi. Nikamwambia baba yake kwamba sharti la kukubali liwe hilo, binti asishuke chini ya 3.5 muhula wowote.

Kuna kazi ambazo daftari letu halikuziona. Makandarasi wadogo huita mafundi kwa simu, na anayefunga umeme majumbani kwa leseni ya EWURA hatangaziwi na mtu. Nyingi ya hizo zinaegemea upande wa ufundi, kwa hiyo nilizihesabu kama uzito wa ziada usio na namba.

Binti alibadilisha chaguo wiki dirisha lilipofunguliwa. Sasa yuko mwaka wa pili wa stashahada. Daftari alikwenda nalo chuoni, na mwezi uliopita alinitumia picha ya ukurasa mpya. Ameongeza safu moja ambayo mimi sikuifikiria: kifaa au programu inayotajwa kwenye majukumu ya kila tangazo. Neno "sola" lilikuwa limejirudia mara nyingi, akalizungushia duara, na chini yake ameandika, "Niombe mafunzo kwa vitendo huku."