Barua ya daktari haihitaji jina la ugonjwa

Msomaji mmoja wa Tabata kaniandikia: "Dada, kijana wangu wa zamu ya usiku kaniambia ana ugonjwa wa akili na anameza dawa. Nimwachishe kazi?" Usimwachishe. Ila najua kwa nini unauliza. Sisi wenye ofisi ndogo hapa Dar hatuna afisa rasilimali watu wa kumkimbilia.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa upande wa pili. Nilipokuwa nimeajiriwa nilimweleza meneja wangu, mlango ukiwa umefungwa, kwamba natibiwa sonona. Kufika saa ya chai, dada wa mapokezi ananiuliza kwa upole kama "mawazo" yamepungua. Meneja alijitetea kwamba aliwaambia wenzangu ili wanivumilie. Hakuna aliyenivumilia, walianza kukagua kazi zangu mara mbili mbili na kunyamaza nikiingia. Miaka imepita na bado linaniuma.

Kwa hiyo binti mmoja wa ofisini kwangu Kurasini, tunakofanya uwakala wa forodha, aliponiambia, "Dada, nina baipola, nikikosa usingizi naharibika," nilijua pa kuanzia. (Ameniruhusu kuandika, na nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike.) Sikumuuliza ilianza lini wala kama ni ya ukoo. Nilimuuliza: kazi gani hapa inakuumiza? Akajibu bila kufikiri: zamu za usiku za bandarini.

Hapo sheria inakusaidia kuliko unavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 20, inakataza kumpangia kazi ya usiku, yaani kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, mtu ambaye daktari amethibitisha kwamba afya yake haiiwezi. Barua ya daktari wake ilikuwa na mistari miwili tu: asifanye kazi ya usiku, na aruhusiwe kwenda kliniki kila mwezi. Ugonjwa haukutajwa, nami sikuuhitaji ili kupanga zamu. Barua niliifunga kwenye bahasha, nikaifungia kwenye droo yangu. Mhasibu aliambiwa "hana usiku", basi. Kumbuka pia kwamba taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo kupiga picha ED ya mtu, yaani cheti cha daktari cha kupumzika, na kuitupia kwenye grupu la WhatsApp la ofisi si utani.

Pesa nayo iongelewe mapema. Saa za usiku zina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo anayeziacha anapungukiwa. Nilimwonyesha hesabu kabla hajakubali, asije akashtuka mwisho wa mwezi akadhani ni adhabu.

Dawa zake zilimpa usingizi mzito asubuhi. Tukakubaliana aingie saa tatu badala ya saa mbili, na kwa muda mwenzake apitie tarakimu zake kabla nyaraka hazijatumwa, kama tunavyofanya kwa kila mgeni, maana kosa moja kwenye thamani ya mzigo linamgharimu mteja. Aliomba kufanyia kazi nyumbani, nikakataa. Nyaraka halisi zinapita mikononi mwetu na mteja anagonga mlango. Ahadi usiyoiweza inamuumiza zaidi ya hapana ya mapema. Tuliandika tarehe ya kukaa tena baada ya miezi mitatu.

Wenzake walinung'unika, kwa nini yeye halali bandarini? Niliwajibu kwamba ni makubaliano yangu na yeye, kisha nikahakikisha waliobeba usiku wake wanalipwa stahili zao kwa wakati. Manung'uniko mengi yaliishia hapo. Mabosi wenzangu, acheni kununua uvumilivu wa wafanyakazi kwa siri ya mtu!

Akiwa mzima, aliniandikia kwa mkono dalili zake za mwanzo: kulala saa chache na bado kuwa na nguvu, kuongea haraka, kutuma meseji za kazi saa tisa usiku. Chini akaweka namba ya dada yake. Nikiziona namvuta pembeni na kumuuliza amelalaje. Hali ikiwa ya hatari napiga namba hiyo, si nyingine.

Akiugua kweli, kifungu cha 32 cha ile Sheria ya Ajira kinampa siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu, akileta cheti cha daktari. Zihesabu kwenye daftari tangu siku ya kwanza. Zikiisha na bado hawezi, kaa naye, pata maoni ya daktari, tafuta kazi nyepesi au nafasi nyingine kwako, na uandike ulichojaribu. Mkifikishana CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hilo daftari na hayo maandishi ndiyo watakayokuuliza.